Barua ya Maombi ya Kazi ya Mtunza Ghala

12 Mei 2025

Kwa Meneja Utumishi,
Idara ya Utumishi na Utawala.

Ndugu Meneja,

YAH: MAOMBI YA NAFASI YA KAZI YA MTUNZA GHALA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ninaomba nafasi ya Mtunza Ghala la vipuri na vifaa vya matengenezo mliyoitangaza tarehe 5 Mei 2025. Nina umri wa miaka 24, nami ni mhitimu wa Shahada ya Kwanza ya Ununuzi na Ugavi niliyoimaliza mwaka 2024. Tangu Desemba mwaka huo ninafanya kazi kama msaidizi wa mtunza ghala kwa mkataba wa miezi 6 unaomalizika tarehe 31 Mei 2025. Kabla ya hapo, mwaka 2023, nilifanya mafunzo kwa vitendo kwa wiki 10 katika ghala la vifaa vya ujenzi.

Tangazo lenu linataka uzoefu usiopungua mwaka mmoja, na muda wangu wote kazini haujafikia kiasi hicho. Nimeona ni haki niliseme jambo hili mwanzoni kabisa, kisha niwaombe mnipime kwa lile ambalo tangazo lenyewe limelitaja kuwa jukumu la kwanza la nafasi hii, yaani udhibiti wa mali iliyomo ghalani. Hiyo ndiyo kazi ninayoipenda na niliyojifunza kuifanya kwa makini, na ndiyo nitakayoieleza katika barua hii.

Mwezi Machi mwaka huu nilipewa jukumu la kuhesabu rafu za filta za oili. Kadi ya rafu ilionyesha filta 86, lakini nilipohesabu mara mbili, mara ya pili mbele ya mwenzangu, nilipata 62. Zilikuwa zimepungua filta 24. Filta ni kitu kidogo kinachobebeka, na maneno ya wizi yalianza kusikika kabla hata sijaweka kalamu chini. Niliomba nipewe siku mbili kabla ya taarifa kuandikwa. Nikachukua hati zote za kutolea mali za miezi mitatu iliyotangulia nikaanza kuzilinganisha na kadi, mstari kwa mstari. Katika hati moja ya mwezi Februari, fundi mkuu alikuwa ameomba na kupewa dazeni 2, lakini aliyejaza kadi aliandika 2 peke yake bila kutaja kipimo. Filta 24 zilitoka, kadi ikapunguza 2, na hapo pakazaliwa tofauti ya 22. Zilibaki filta mbili zisizo na maelezo. Hizo nilizipata kwa kumuuliza dereva, ambaye alikumbuka kuwa alizirudisha kwa mzabuni kwa sababu zilikuwa zimebonyea, na hakuna aliyemjazia hati ya kurudisha mali. Siku ya pili mchana hesabu ilikamilika: 86 kutoa 22 ni 64, na 64 kutoa 2 ni 62.

Hakuna filta iliyokuwa imeibwa, na hakuna mtu aliyestahili kutiliwa shaka. Jambo hilo limenikaa moyoni kuliko sifa niliyopewa siku ile, kwa sababu nimeona kwamba kadi isiyojazwa vizuri inaweza kumharibia mtu jina lake. Tangu hapo kila kadi ninayoishika ina safu ya kipimo, na mali yote hutolewa kwa kipimo kimoja tu, iwe ni kipande, jozi au lita. Anayeomba dazeni huandikiwa vipande 12. Pendekezo hilo nililipeleka kwa mtunza ghala ninayemsaidia, naye alilikubali likatumika katika ghala zima.

Ninajua kutumia nyaraka zote za ghala, kuanzia oda ya ununuzi, hati ya mzabuni ya kuleta mzigo, hati ya kupokelea mali, hati ya kutolea mali, hati ya kurudisha mali, leja na kadi ya rafu. Sitazieleza moja moja, kwa kuwa nanyi mnazifahamu. Niseme tu kwamba kwangu mimi hati huandikwa wakati mzigo unapoguswa, wala haisubiri jioni. Msimamo huu ulitokana na kosa langu mwenyewe. Katika wiki ya tatu ya mafunzo kwa vitendo nilipokea paketi 40 za misumari saa ya mwisho ya kazi, na kwa kuwa dereva alikuwa na haraka, nilisaini kwanza ili nihesabu baadaye. Nilipohesabu zilikuwa 38. Mzabuni alikataa kuleta mbili zilizopungua, na alikuwa na haki ya kukataa, kwa sababu sahihi yangu ilikuwa imekiri 40. Niliieleza hasara hiyo kwa msimamizi wangu jioni ileile. Leo dereva mwenye haraka ninamngojesha, na kama mzigo umepungua au umeharibika, ninaandika kasoro hiyo juu ya hati yake, tukasaini wote wawili ndipo aondoke.

Upande wa kiwango cha kuagiza upya, nimeona kwamba ghala nyingi huweka kiwango mara moja na kukisahau. Mahali ninapofanya kazi sasa, kadi ya glavu za kazi ilikuwa imeandikwa kwamba zikifika jozi 60 ziagizwe nyingine. Nilipopitia hati za kutolea mali niliona kuwa mafundi wanatumia wastani wa jozi 12 kwa siku ya kazi, na kwamba mzabuni huchukua siku 9 za kazi kuleta mzigo baada ya kupata oda. Jozi 60 zinatosha siku 5 tu, hivyo kila mzunguko wa kuagiza ulikuwa na siku 4 ambazo mafundi hawana glavu, na kila mara jambo hilo lilichukuliwa kuwa uzembe wa mzabuni. Nilipendekeza kiwango kihesabiwe kwa kuzidisha matumizi ya siku na siku za kusubiri, kisha kuongeza akiba ya tahadhari ya jozi 40 kwa ajili ya mzigo unaochelewa au kazi inayoongezeka ghafla. Mara 12 kwa 9 ni 108, ukiongeza 40 inakuwa 148. Kiwango kipya kilianza kutumika mwezi Februari, na glavu hazijakatika tena hadi leo. Ninafahamu pia upande wa pili wa jambo hili. Akiba ikizidi inafungia fedha kwenye rafu na kuzeesha mali, kwa hiyo kiwango hicho kinapaswa kupitiwa upya kila matumizi yanapobadilika.

Kwa upande wa kuhesabu, siamini kwamba ghala linaweza kuongozwa na zoezi moja la mwisho wa mwaka. Tofauti iliyotokea mwezi wa pili ikigunduliwa mwezi wa kumi na mbili, aliyekuwepo ameshahama na hati zimeshafungwa kwenye maboksi. Ninahesabu kwa zamu. Mali ghali au inayotoka sana huhesabiwa kila wiki, ya kati kila mwezi, na vitu vidogo vya bei ndogo kila robo mwaka. Ninapohesabu siangalii kwanza idadi iliyo kwenye kadi, maana jicho lililokwisha kuiona namba huitafuta hiyohiyo kwenye rafu. Tofauti inapopatikana, siirekebishi kadi kimya kimya. Huandika taarifa ya tofauti, hutafuta chanzo, na marekebisho hufanyika baada ya msimamizi kuidhinisha kwa sahihi.

Katika utoaji wa mali ninafuata utaratibu wa kilichoingia kwanza kutoka kwanza, isipokuwa kwa vitu vyenye tarehe ya mwisho wa matumizi, kama gundi, rangi na baadhi ya vilainishi, ambavyo hutolewa kwa kuangalia kinachokaribia kuisha muda wake hata kama kiliingia baadaye. Mzigo mpya huuweka nyuma ya wa zamani, na tarehe ya kupokelewa huiandika kwa maandishi makubwa upande unaoonekana. Kila rafu huwa na namba yake, ili mtu asiyelijua ghala aweze kufikia kifaa kwa kusoma kadi tu. Mizigo mizito hukaa chini, kemikali hutengwa, na njia za kutokea hazizibwi hata kwa mzigo wa muda mfupi.

Ninatumia kompyuta kila siku. Nimetengeneza daftari la mali katika Excel lenye vifaa 420, ambalo hujumlisha mapokezi na matoleo na kubadilisha rangi ya mstari pale salio linapofika kiwango cha kuagiza. Sijawahi kutumia mfumo mkubwa wa kompyuta wa usimamizi wa ghala nje ya mazoezi ya darasani, lakini ninaamini nitaumudu kwa haraka nikipewa mafunzo, kwa kuwa misingi ya mapokezi, matoleo na salio ni ileile. Hata hivyo nimeendelea kuitunza kadi ya rafu kwa mkono, kwa sababu hukaa pale pale mali ilipo na hujibu swali hata umeme unapokatika.

Jambo moja ningependa kulifahamu ikiwa nitaitwa kwenye usaili, nalo ni kama anayeagiza mali, anayeipokea na anayeidhinisha malipo ni watu tofauti katika ofisi yenu. Ninauliza kwa heshima, kwa kuwa utenganisho huo humlinda mwajiri, na humlinda pia mtunza ghala anayefanya kazi yake kwa uaminifu. Nitakuwa tayari pia kufanyiwa jaribio la vitendo, kwa mfano kukabidhiwa rafu moja na kadi zake, nihesabu na kuandika taarifa mbele ya mtakayemteua.

Msimamizi wangu wa sasa anajua kuwa ninaomba nafasi hii na amekubali kuwa mdhamini wangu. Mawasiliano yake pamoja na ya mdhamini wa pili, aliyenisimamia chuoni, yameandikwa kwenye wasifu wangu. Nikikubaliwa ninaweza kuanza kazi Jumatatu tarehe 2 Juni 2025, baada ya kukabidhi rasmi ghala ninalosaidia kulitunza kwa hesabu kamili na maandishi. Ninaweza kufika kwenye usaili siku yoyote ya kazi baada ya saa 9 alasiri, na Jumamosi kutwa.

Nimeambatisha wasifu, nakala ya cheti cha shahada pamoja na matokeo ya masomo, barua ya kuthibitisha mafunzo kwa vitendo, na nakala ya taarifa ya tofauti ya filta niliyoieleza hapo juu, ambayo nimeruhusiwa kuitoa baada ya majina ya wahusika kufutwa.

Wako mtiifu,

Neema Daudi
Mwombaji