Jibu la malalamiko yako kuhusu friji iliyozimika

Shikamoo mama,

Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma wote, na ule wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho. Umekasirika, na sikulaumu. Kilichonishtua zaidi ni pale uliposema insulini ya mzee ilikuwa ndani ya friji hiyo, kwa hiyo naanza na hilo. Leo kabla ya saa kumi jioni tutakuletea friji ndogo ya kuazima. Utakaa nayo bila malipo mpaka yako itakapotengemaa. Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, wala haitakiwi kuganda. Zile chupa zilizokaa kwenye joto, tafadhali muulize mfamasia kwanza kabla mzee hajachomwa. Kuziangalia kwa macho hakutoshi.

Ni kweli pia kwamba fundi aliahidiwa Jumanne akaja Alhamisi, na hakuna aliyekupigia kukujulisha. Hilo ni kosa letu, naomba radhi.

Sasa nije kwenye dai lenyewe. Umetaka friji mpya au fedha zako zote, kwa kuwa waranti ni ya miezi 12 na friji ina miezi 7 tu. Jibu letu ni kwamba kwa tatizo hili hatutabadilisha friji wala kurudisha fedha. Najua si jibu ulilolitarajia, na ndiyo maana nakueleza sababu yake.

Fundi alipofungua kifuniko cha nyuma mbele yako, alikuta fyuzi ya bodi ya umeme inayoendesha friji imekatika na kioo chake kimekuwa cheusi. Pembeni yake kuna kidude cha duara, chembamba, kinachokaa pale kuikinga bodi umeme unapozidi. Kimepasuka katikati na kuacha masizi. Kidude hicho hakipasuki hivyo kwa matumizi ya kawaida. Hupasuka umeme unapopanda ghafla kupita kiwango. Nawe mwenyewe ulimwambia fundi kwamba friji ilizimika palepale umeme uliporudi baada ya kukatika, na taa mbili za nyumbani zikaungua. Waranti inahusu kasoro za kiwandani. Madhara ya umeme yametajwa wazi kuwa hayamo, kwenye kipengele cha nne cha karatasi uliyosaini siku ya kununua, na nakala yake nimeiambatanisha pamoja na picha tatu za bodi.

Lipo la kushukuru hapa, mama. Kompresa imepimwa na ni nzima, gesi haijavuja. Kilichokufa ni bodi peke yake. Tunachoweza kufanya ni hiki: wewe utalipia bodi kwa bei ileile tunayonunulia sisi, na ufundi na usafiri ni juu yetu. Bodi mpya itakuwa na waranti yake ya siku 90, na ile iliyoungua utaachiwa mkononi.

Kama bado una shaka na kipimo chetu, mlete fundi mwingine unayemwamini aikague, ilimradi asikate bomba la gesi. Akiandika kwamba ni kasoro ya kiwandani na kueleza alichokiona, tutakaa naye mezani tulinganishe vipimo. Ikithibitika, gharama zote zitakuwa zetu, pamoja na malipo yake.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kulinyamazia. Kijana aliyekuja kwako umemwita mwizi, na picha yake umeisambaza kwenye kundi la mtaa. Kutulalamikia sisi ni haki yako, popote utakapo, na hatutakuzuia. Lakini yeye alikueleza alichokikuta, hakuchukua hata senti. Tunakuomba uiondoe picha hiyo leo. Mafundi wetu hatuwatumi mahali wanapotukanwa, na sipendi tufike huko kwako wakati kazi yenyewe ni ya nusu saa tu.

Ukikubali bodi, nijibu kwa kutaja siku kati ya kesho na Jumamosi. Nitakupigia mwenyewe asubuhi ya siku hiyo, na fundi akichelewa utazisikia habari hizo kutoka kwangu. Usiiwashe friji kabla hajafika. Nakushauri pia ununue friji gadi: umeme ukirudi huusubirisha dakika chache kabla ya kuuruhusu, kompresa ikapata muda wa kutulia, na ukizidi huukata.

Friji ya kuazima inakuja leo hata kama hujaamua lolote kuhusu bodi. Akiwepo mtu yeyote mzima wa kuipokea, inatosha.

Msalimie mzee.

Wako,
Msimamizi wa huduma kwa wateja