Fulana za Kuchapishwa kwa Oda: Pamba Asilimia 100, Kuanzia Fulana 20

Tunachapisha fulana za shingo ya mviringo kwa ajili ya vikundi, shule, harusi na kampuni, katika karakana yetu iliyopo Kariakoo, Dar es Salaam. Bei ni shilingi 15,000 kwa fulana moja yenye chapa ya rangi moja mbele, na hushuka hadi shilingi 12,500 oda inapofika fulana 50.

Kitambaa ni pamba tupu yenye uzito wa gramu 180 kwa mita ya mraba, ambayo haionyeshi mwili hata ikiwa nyeupe na haichoshi kwenye joto la Pwani. Rangi zilizopo ni nyeupe, nyeusi, bluu iliyokoza, nyekundu na kijani.

Tunatumia uchapaji wa skrini, ambapo kila rangi ya mchoro hutengenezewa skrini yake, na wino hukaushwa kwa joto la takriban nyuzi 160 za Selsiasi ili ushike barabara na usibanduke katika kufua. Kwenye fulana nyeusi hutangulizwa tabaka la wino mweupe, kwa sababu bila hilo rangi ya njano hufifia na kuonekana kama kijani chafu. Tabaka hilo huongeza shilingi 1,500 kwa kila fulana. Picha zenye rangi nyingi, kama sura ya mtu, tunazichapa kwa njia ya DTF, ambapo mchoro huchapwa kwenye filamu kisha huhamishiwa kwenye fulana kwa joto, na kwa njia hiyo tunapokea hata fulana moja kwa shilingi 20,000.

Saizi ni S hadi XXL. Upana wa kifua, fulana ikiwa imelazwa, ni sentimita 48 kwa S, 51 kwa M, 54 kwa L, 57 kwa XL na 60 kwa XXL. Tafadhali pima fulana unayoivaa sasa kabla ya kuagiza, kwani fulana iliyokwisha kuchapwa haibadilishwi saizi.

Mchoro utumwe kwa faili la PDF au PNG lenye nukta 300 kwa inchi. Picha iliyopitia Watsapu hupoteza ubora, hivyo itume kama dokumenti. Ndani ya siku moja ya kazi tutakurudishia mfano unaoonyesha ukubwa wa chapa kwa sentimita, mahali ilipo na rangi zake. Soma kila herufi, hasa majina na tarehe, kisha ujibu kwa maandishi kwamba umekubali. Marekebisho mawili ni bure. Hatuchapi chochote kabla ya jibu hilo, hata haraka iwe kubwa kiasi gani, kwa kuwa wino uliokwisha kukaushwa hautoki.

Kazi hukamilika ndani ya siku 5 za kazi kwa oda isiyozidi fulana 100, na siku 8 kwa oda ya hadi fulana 300, zikihesabiwa tangu ulipoidhinisha mfano na kulipa asilimia 60 ya bei. Kuelekea Maonesho ya Sabasaba, ongeza siku 3. Mizigo ya mikoani tunaituma kwa basi baada ya salio kulipwa, na nauli yake ni ya mteja.