KIVINJARI KIKIGOMA: YA KUJARIBU KABLA YA KUMWITA MSIMAMIZI

Chumba cha Kompyuta cha Jamii, Pangani

Ndugu mtumiaji, chumba hiki kina kompyuta 8 na msimamizi mmoja kwa kila zamu. Matatizo mengi ya kivinjari, yaani Chrome, Firefox au Edge, unaweza kuyatatua mwenyewe. Tafuta hapa chini hali inayofanana na unayoiona, ufuate hatua zake. Tafadhali usizime kompyuta kwa kitufe cha umeme, kwa sababu fomu ambayo hujaituma itapotea.

☐ Hakuna tovuti hata moja inayofunguka.
Muulize kwanza jirani yako. Ikiwa na yeye amekatika, tatizo liko kwenye ruta au kwa mtoa huduma ya intaneti, hivyo mwarifu msimamizi bila kubadili chochote. Ikiwa ni wewe peke yako, sukuma waya wa mtandao ulio nyuma ya kompyuta hadi uingie sawasawa.

☐ Tovuti moja tu haifunguki.
Ukisoma `DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN`, mara nyingi anwani imekosewa, kwa hiyo isome upya herufi kwa herufi. Tovuti za serikali ya Tanzania huishia na `.go.tz`. Ukisoma `404`, tovuti ipo lakini ukurasa huo haupo, basi anzia ukurasa wake wa mwanzo. Ukisoma `503`, seva ya wenye tovuti imeelemewa au iko kwenye matengenezo, jambo linaloweza kutokea siku ya matokeo ya mitihani. Subiri dakika kadhaa, kwani kubonyeza F5 mfululizo huongeza msongamano.

☐ Kivinjari kinaonya kwamba muunganisho si salama.
Tazama saa na tarehe kwenye kona ya chini kulia. Umeme ukikatika, kompyuta ambayo betri yake ndogo ya ndani imekwisha husahau tarehe na kurudi miaka mingi nyuma, na kivinjari, kwa kuwa hulinganisha tarehe hiyo na muda wa cheti cha usalama cha tovuti, hukikataa cheti kilicho halali kabisa. Dalili yake ni `NET::ERR_CERT_DATE_INVALID`. Tarehe ikiwa si sahihi, mwombe msimamizi airekebishe, na umtajie namba ya kompyuta ili betri ibadilishwe. Tarehe ikiwa sahihi na onyo likabaki, acha kabisa tovuti hiyo. Tunakusihi usilipuuze onyo hili ukaandika nenosiri, namba ya kitambulisho au taarifa za benki, hata kama una haraka.

☐ Ukurasa umevurugika, unaonyesha mambo ya zamani, au unakataa kukuingiza kwenye akaunti.
Ikiwa umeshaanza kujaza fomu, nakili kwanza maandishi marefu mahali pengine. Kisha bonyeza Ctrl+F5 ili ukurasa upakuliwe upya. Usipotengemaa, ufungue kwenye dirisha la faragha: Ctrl+Shift+N kwa Chrome na Edge, Ctrl+Shift+P kwa Firefox. Ukurasa ukifanya kazi humo, kasoro huenda iko kwenye vidakuzi au data iliyohifadhiwa, nawe unaweza kumalizia kazi yako humo humo.

☐ Kivinjari ni kizito au kimeganda.
Funga vichupo usivyovihitaji, hasa vya video. Kwenye Chrome na Edge, Shift+Esc huonyesha kichupo kinachokula kumbukumbu nyingi, ukakifunga hicho peke yake.

☐ Mambo madogo.
Maandishi yamekuwa makubwa au madogo mno: Ctrl+0. Sehemu ya anwani imetoweka: F11. Umefunga kichupo kwa bahati mbaya: Ctrl+Shift+T. Hulioni faili ulilopakua: Ctrl+J.

☐ Skrini inasema kompyuta ina virusi na kukutaka upige simu.
Huo ni utapeli. Usipige namba hiyo, usilipe, wala usipakue chochote. Funga kichupo kwa Ctrl+W. Kikikataa, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, chagua kivinjari, kisha `End task`. Kivinjari kikikuuliza baadaye kama kirudishe kurasa za awali, kataa.

☐ Umejaribu na bado.
Mwite msimamizi, ukiuacha ujumbe wa kosa kwenye skrini kama ulivyo, kwa sababu maneno yake ndiyo yanayomwonyesha pa kuanzia.

☐ Kabla ya kuinuka kwenye kiti.
Toka kwenye kila akaunti uliyoingia, kwa kuwa kufunga dirisha pekee hakutoshi na anayekufuata anaweza kuikuta barua pepe yako wazi. Futa pia vyeti na picha za vitambulisho ulivyopakua, kisha uondoe vilivyobaki kwenye pipa la taka la kompyuta.