Kupunguza moshi jikoni: maelezo kwa mkutano wa mtaa, Igombe

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa, wazee wetu, akina mama na akina baba, nawashukuru kwa nafasi hii.

Moshi wa kuni hubeba chembe ndogo zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na ndiyo maana mtoto anayebebwa mgongoni huku mama akisonga ugali yumo katika hatari kubwa ya nimonia. Serikali imelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, lakini najua si kila nyumba hapa inaweza kujaza mtungi wa gesi mwezi huu, kwa hiyo tuanze na yaliyo mikononi mwetu.

Kuni mbichi ndizo zinazofuka zaidi. Zipasueni nyembamba, zipangeni juu ya kichanja chini ya paa, na msizichome mpaka zitoe mlio mkavu zinapogonganishwa. Maharage yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, kisha sufuria ifunikwe. Moto utawaka kwa muda mfupi zaidi. Jiko likiweza kukaa nje, likae nje. Likibaki ndani, litobolewe tundu sehemu ya juu ya ukuta, mkabala na mlango. Wanaobanika sangara waweke tanuri mahali ambapo upepo wa ziwani hautapeleka moshi vyumbani.

Mkaa nao, hata usipotoa moshi, hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu: msilale na jiko linalowaka chumbani.

Mtoto akipumua haraka au kifua kikibonyea, mleteni zahanati siku hiyohiyo.