Mkataba wa data na venda wa sistimu: kazi zake, data ikivuja, na haki yetu ya kukagua

Mzee mwenyekiti, mama mweka hazina, na vijana wa aiti, habari za kazi. Mlisema mnataka ule mkataba wa kuchakata data ambao sako yetu ya madereva ilisaini na venda wa Nairobi tarehe 3 Machi 2025 uchambuliwe, nani anafanya nini, basi nimeusoma wote kurasa 19 na viambatisho 4, na nimeandika kwa Kiswahili juu wenzetu wa Malaba na Busia wanataka kuelewa bila kungoja mtu wa kuwasomea. Namba za vifungu nimeziacha vilevile ili mtu akibisha afungue ukurasa aone mwenyewe.

Kabla ya yote, kuna kitu cha kufanya leo, si kesho. Kiambatisho 1 kinataja mtu wa kupokea taarifa data ikivuja, na mtu mwenyewe ni manija wetu wa zamani, aliyeondoka, na imeli yake ya kazi ilishafungwa. Sasa kifungu 9.4 kinasema venda akishatuma kwa hiyo anwani, taarifa inahesabika imetufika. Yaani data ya wanachama inaweza kuvuja, venda atume imeli kwa boksi ambalo hakuna anayelifungua, na kimkataba atakuwa amemaliza kazi yake. Kubadilisha ni barua moja tu yenye sahihi mbili (kifungu 16.2), haihitaji wakili. Napendekeza tuweke anwani ya ofisi isiyo ya mtu mmoja, pamoja na namba mbili za simu.

Haya, kazi za venda. Sisi sako ndo mdhibiti wa data, yeye mchakataji, maana yake data ya wanachama (majina, NIN, namba za simu, alama za vidole, akiba na mikopo) anaishika kwa niaba yetu tu. Kifungu 4.1, afanye kile tulichomwagiza kwa maandishi. Maagizo ya wasap je? Mkataba unasema imeli au tiketi ya sapoti, kwa hiyo vijana wa aiti ile tabia ya kumpigia yule fundi wao "bro futa huyo mwanachama" iishe, juu hiyo si agizo, na kesho akikana hamna pa kushika. 4.2, akiona agizo letu linavunja sheria atuambie kabla ya kulifanya. 4.4, asitumie data kwa mambo yake, asiuze, asiwatumie wanachama matangazo. Lakini 4.5 inamfungulia kamlango: anaruhusiwa kutumia "takwimu zilizoondolewa majina" kuboresha huduma. Mimi hapo sijatulia. Ukiondoa jina ukaacha namba ya gari, steji na kiasi cha mkopo, kwa sako ya madereva kama yetu kila mtu atajua ni nani. Tumuulize kwa maandishi anaondoa nini hasa.

Kifungu 5, wafanyakazi wake wote wanaogusa data wawe wamesaini kutunza siri. Kifungu 6 na Kiambatisho 2 ni usalama: data iwe imefichwa kwa enkripsheni ikisafiri na ikiwa imelala, kuingia kwa hatua mbili kwa kila admini, logi za nani ameingia zitunzwe miezi 12, bakapu kila usiku, na kila robo mwaka ajaribu kurudisha bakapu aone kama inafanya kazi. Hiyo ya mwisho ndo nzuri kuliko zote, na hatujawahi kuiomba ripoti yake hata moja ingawa 6.5 inasema tukiomba anatupa ndani ya siku 10 za kazi.

Kifungu 7 ni wale anaowapa kazi chini yake. Wako watatu kwa Kiambatisho 4: kampuni ya klaudi yenye seva Ayalandi, kampuni ya kutuma esemesi Nairobi, na ya mfumo wa tiketi. Akitaka kuongeza mwingine anatupa notisi ya siku 30, sisi tuna siku 14 za kukataa, tukinyamaza tumekubali. Na hiyo notisi haiji kwa imeli, inawekwa kwa dashibodi ya admini, pale juu kwenye kengele. Mtu mmoja wa aiti apewe kazi ya kuangalia hiyo kengele kila Jumatatu. Wale watatu wakiharibu, venda ndo anabeba (7.4), hiyo iko vizuri.

Seva kuwa Ayalandi si kosa, lakini sheria yetu ya Uganda ya kulinda data na faragha ya 2019 inasema data ikienda kuchakatwa nje, nchi hiyo iwe na ulinzi usiopungua wa kwetu, au mwenye data awe amekubali. Kifungu 12 venda anaahidi ulinzi unaolingana. Sawa, ila fomu yetu ya kujiunga haisemi neno lolote kuhusu data kutoka nje. Hilo ni letu, si la venda.

Mwanachama akiomba kuona data yake au kurekebishwa na akaenda kwa venda moja kwa moja, venda hamjibu, anatuletea sisi ndani ya siku 5 za kazi (kifungu 8). Mkataba ukiisha, tuna siku 30 za kuomba data yetu yote kwa faili linalosomeka, baadaye anafuta ndani ya siku 60, na bakapu zinaisha siku 90. Cheti cha kufuta anatoa tu tukiomba kwa maandishi. Tuombe.

Sasa data ikivuja, kifungu 9, hapa naomba msome polepole juu hapa ndipo pana shida. 9.2 inasema venda atatuarifu ndani ya saa 72 "baada ya kuthibitisha" tukio. Si baada ya kulishuku, baada ya kuthibitisha. Na nani anathibitisha? Yeye mwenyewe. Chukueni mfano: Ijumaa saa kumi na mbili jioni sistimu yao inapiga alamu kwamba kuna mtu amevuta faili la wanachama. Wikendi wanachunguza. Jumatatu saa tano asubuhi wanathibitisha. Saa 72 zinaanzia hapo, kwa hiyo wakitupigia Alhamisi saa tano kasoro dakika moja wako ndani ya mkataba, na sisi tumelala karibu siku sita. Ni kama dereva anaambiwa apige simu mzigo ukishathibitishwa umeibiwa, wakati tanboi aliona turubai imechanwa tangu Tororo.

Sheria yetu haina saa 72. Hiyo ni ya Ulaya, na kule kwenyewe ni saa za mdhibiti kuripoti kwa mamlaka, mchakataji anatakiwa amwambie mdhibiti bila kuchelewa, naona venda alikopi fomu ya kule akaigeuza imfae. Ya Uganda inasema mdhibiti au mchakataji akiamini kwamba data imefikiwa na mtu asiyeruhusiwa, aiarifu mamlaka mara moja, pamoja na hatua alizochukua. Akiamini, si akithibitisha. Mamlaka ni NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, na kazi yenyewe inafanywa na PDPO, ile ofisi ya kulinda data binafsi. Wao ndo wanaamua kama wanachama waarifiwe, na kuarifu kunaweza kuwa kwa barua ya rejista, imeli, tovuti yetu au vyombo vya habari. Kwa hiyo tusikimbilie kutuma esemesi kwa wanachama wote kabla ya kuongea na PDPO, na pia tusikae kimya tukingoja venda amalize uchunguzi.

Taarifa yenyewe (9.3) iwe na: nini kimetokea na lini, data ya aina gani, wanachama wangapi kwa makadirio, madhara yanayotarajiwa, amefanya nini kuzuia, na mtu wa kuongea naye. Asipokuwa na yote anatuma vipandevipande, hawezi kusema anangoja ikamilike. 9.5, asitangaze kwa jina letu bila ruhusa yetu ya maandishi, isipokuwa sheria inamlazimisha. Ripoti ya chanzo inakuja ndani ya siku 10 za kazi (9.8), na gharama ni zake kama kosa ni lake. Majaribio yaliyoshindwa, mtu kubahatisha paswadi akakosa, hayahesabiki. Na kuna ya kwetu ambayo hamna aliyeigusa: 9.7, sisi tukigundua kwanza, kwa mfano simu ya ofisi ya Busia imeibiwa ikiwa imeingia kwa sistimu, tunamwambia venda ndani ya saa 24. Hii mabranchi hawaijui kabisa.

Ninachotaka tuombe kwa marekebisho ni mstari mmoja: "ndani ya saa 24 tangu aliposhuku kwa sababu ya msingi". Akigoma kwa 24 tukubali 36, lakini neno kuthibitisha litoke.

Haki ya kukagua ni kifungu 11. Kila miezi 12 mara moja tunaweza kumtumia maswali na akatupa cheti chake cha usalama wa taarifa cha ISO 27001 na muhtasari wa ripoti ya mkaguzi wa nje, hiyo ni bure. Kwenda kwenye ofisi yake wenyewe ni kwa sababu tatu tu: karatasi hazitoshi, data imevuja, au mamlaka imetutaka. Notisi siku 30, ikiwa data imevuja siku 5 za kazi. Siku 2 tu, saa za kazi, mkaguzi asiwe mshindani wake na asaini kutunza siri. Gharama zetu, na wafanyakazi wake wakitumia zaidi ya saa 8 anatutoza, isipokuwa ukaguzi ukikuta kosa kubwa, hapo analipa yeye. Kwa klaudi ya Ayalandi hatuingii, tunapata ripoti tu, hilo ni la kawaida na sitaligombania.

Ninaloligombania ni 11.8. Tukikuta kasoro analeta mpango wa kurekebisha ndani ya siku 15 za kazi, halafu basi. Asiporekebisha? Kimya. Inabidi turukie mkataba mkubwa kifungu 18.2, kosa kubwa, siku 30 za kurekebisha, ndo tuvunje. Na fidia kifungu 14 kimeifunga kwa ada ya miezi 12 tuliyolipa, wakati sheria inaweza kuitoza kampuni iliyotiwa hatiani mpaka asilimia 2 ya mapato yake ghafi ya mwaka. Mama mweka hazina, hesabu hizo mbili uziweke pembeni kwa pembeni kabla ya kikao cha Alhamisi, hapo ndo tutajua tunagombania kiasi gani.

Barua ya kubadilisha Kiambatisho 1 nimeshaiprinti, iko kwa meza ya mzee, imebaki sahihi.