Ripoti ya Wiki ya Ghala la Vingunguti: Makosa ya Ukusanyaji wa Oda na Marejesho ya Wateja, 2–7 Machi 2026

Kwa: Msimamizi wa Usafirishaji na Ugavi
Kutoka: Mkuu wa Ghala
Nakala: Mauzo, Uhasibu

Ndugu Msimamizi,

Naanza na jambo ninaloomba ulitolee uamuzi Jumatatu. Fomu za madereva zinaonyesha kwamba karibu nusu ya mzigo uliorudi wiki hii ulirudi kwa kosa la ghala. Tulipohakiki, sehemu yetu imebaki kama moja ya tano. Kikubwa zaidi kilichorudisha mzigo ni wateja kutokuwa na pesa gari lilipofika. Makosa yetu kweli yameongezeka, na nimeyaeleza hapa chini, lakini tukifuata fomu zilivyo tutatibu ugonjwa usiokuwepo.

Kazi ya wiki

Tumetoa oda 612 zenye mistari 7,340, jumla ya katoni 28,450 (bandali za unga na sukari zimehesabiwa humo humo). Wiki iliyopita mistari ilikuwa 6,480. Ongezeko ni la Ramadhani: tambi, unga wa ngano, sukari na mafuta ya kupikia.

Makosa ya ukusanyaji

Mistari yenye makosa ni 74, sawa na asilimia 1.01. Wiki iliyopita ilikuwa 51, asilimia 0.79. Lengo letu ni asilimia 0.5. Kati ya hiyo 74, mkaguzi wa geti alikamata 47 kabla gari halijatoka. 27 ilifika kwa wateja.

| Aina ya kosa | Mistari |
|---|---|
| Bidhaa au ujazo tofauti | 38 |
| Idadi pungufu | 19 |
| Idadi iliyozidi | 9 |
| Bidhaa iliyorukwa | 5 |
| Tarehe ya kuisha isiyofuatwa zamu | 3 |

Katika yale 38, 26 yametoka sehemu moja: Safu C, mafuta ya kupikia ya nusu lita na ya lita moja. Mtengenezaji amebadilisha katoni, na sasa zote mbili zina rangi ile ile na picha ile ile. Ujazo umeandikwa kwa maandishi madogo ubavuni. Katoni ya nusu lita ina chupa 24 na ya lita moja ina chupa 12, kwa hiyo zote zina lita 12 na uzito wake haupishani kiasi cha kumshtua mbebaji. Hata mzani wa geti hauwezi kutuokoa hapo. Juu ya hayo zilikuwa zimepangwa C-14 na C-15, bega kwa bega.

Skana ingelikamata kosa hili mara moja, lakini 3 kati ya 8 hazifanyi kazi (mbili betri, moja kioo), na wasio na skana wanaweka tiki kwenye karatasi. Mtu anayeweka tiki anasoma jina la bidhaa, hasomi ujazo. Vibarua wapya watatu wa msimu wamehusika katika makosa 21, ila nisingependa waonekane wazembe: ndio waliowekwa Safu C, na ndio waliopewa karatasi.

Saa nazo zina la kusema. Makosa 44 yametokea kati ya saa 10 alasiri na saa 12 na nusu jioni. Mwezi huu wenye maduka ya jumla Kariakoo na Manzese wanaagiza mchana umeshakwenda, mauzo wanatuma oda zote kwa mkupuo, na watu wanakimbizana kumaliza kabla ya futari. Oda zilizoingia kabla ya saa 9 zimekusanywa vizuri na watu wale wale.

Jumamosi tumehamishia nusu lita Safu E na kubandika karatasi nyekundu yenye ujazo kwa herufi kubwa kwenye kila paleti. Hilo halikuhitaji kibali.

Marejesho ya wateja

Zimerudi katoni 486 kutoka kwa wateja 52, asilimia 1.71 ya zilizotoka. Karani wa marejesho amewapigia simu wote na kuwapata 39. Kwa ambao hawakupatikana nimeacha sababu aliyoandika dereva.

| Sababu | Fomu ya dereva (katoni) | Baada ya uhakiki (katoni) |
|---|---|---|
| Bidhaa au idadi si ya oda (kosa la ghala) | 212 | 96 |
| Mteja hakuwa na pesa au amekataa | 61 | 158 |
| Duka limefungwa | 84 | 88 |
| Imeharibika | 73 | 78 |
| Tarehe ya kuisha iko karibu | 22 | 22 |
| Oda iliingizwa vibaya na mauzo | 0 | 44 |
| Hakuna sababu iliyoandikwa | 34 | 0 |
| Jumla | 486 | 486 |

Kwa nini dereva aandike "si ya oda" wakati mteja hana pesa? Utaratibu wetu wenyewe unamsukuma. Mzigo ukirudi kwa kosa la ghala, analipwa posho ya kituo. Mteja akikataa, halipwi. Amefika Tegeta, amesubiri kwenye foleni, ameshusha nusu ya mzigo, mwenye duka anamwambia apitie kesho. Sishangai anachoandika. Napendekeza posho ilipwe kwa vyote viwili, kwa sharti kwamba ampigie karani simu akiwa bado dukani na karani azungumze na mwenye duka. Bila simu hiyo, hakuna posho.

Zile katoni 44 za mauzo ni oda tulizokusanya sawasawa na zilivyoandikwa. Mteja ndiye aliyetaka kitu kingine. Mauzo wamepewa orodha.

Wateja 8 walipokea pungufu. Hao hawamo kwenye jedwali kwa kuwa hawakurudisha kitu, ila tulikuwa tunadaiwa nao katoni 31. Zote zilishapelekwa Ijumaa.

Uharibifu: bandali 41 za unga wa ngano zililowa kwenye gari moja la Mbagala Alhamisi, mvua ilipopita kwenye turubai lililochanika. Turubai hilo liliripotiwa mwezi uliopita, na masika yenyewe bado hayajakolea. Katoni 29 ni mafuta yaliyovuja kwa kupangwa kimo kirefu garini, na 8 ni mchanganyiko.

Mzigo uliorudi uko wapi

Katoni 386 zimekaguliwa na kurudi rafuni. Zile 22 za tarehe zimetengwa zikisubiri mauzo waseme kama zitauzwa kwa bei ya punguzo. Kati ya 78 zilizoharibika, 25 zitapakiwa upya na 53 ni za kufutwa, ikiwemo unga wote uliolowa. Naomba usiruhusu uuzwe kwa bei ya hasara hata akitokea mnunuzi. Uhasibu wana hati za marejesho za wateja 46 ili warekebishe ankara na risiti za EFD. Hati 6 hazina saini ya mteja na madereva wamerudishiwa.

Ninachoomba kwako

Kibali cha betri mbili na kioo cha skana. Turubai jipya la gari la Mbagala kabla halijatoka tena na unga. Uamuzi kuhusu posho. Na mazungumzo yako na Meneja Mauzo kwamba, mpaka Idi ipite, oda inayoingia baada ya saa 9 alasiri ipakiwe kesho yake. Hili la mwisho mauzo watalipinga. Wakilikataa kabisa, basi nipewe wakusanyaji wanne wa ziada kuanzia saa 9 hadi saa 1 usiku, wenye skana mkononi.

Fomu zote za madereva na daftari la geti ziko ofisini kwangu.

Mkuu wa Ghala, Vingunguti
Jumapili, 8 Machi 2026