Barua kwa Rehema: saba yako si ya mwaka huu

Ngamiani, Tanga
18 Februari 2026

Binti yangu Rehema,

Marahaba. Barua yako imefika, na ile elfu kumi uliyotuma kwa simu imefika pia. Huku tunausubiri mwezi, kwa hiyo nimeamua nikujibu leo kabla mfungo haujanipunguza nguvu za kuandika.

Nianze na kosa, maana kosa ndilo limekukosesha usingizi. Umeniuliza uchukue kazi ipi, ya Morogoro au ya Mwanza, na umeandika kwamba kwa namba za tarehe ya kuzaliwa mwaka huu wewe ni 7, na 7 ni mwaka wa kutulia na kusoma, kwa hiyo ofisi ya Morogoro ndiyo yako. Nimeifuata hesabu yako kwa kalamu. Umechukua 14, Agosti na 2001, ukajumlisha tarakimu zote ukapata 16, na 1 na 6 ni 7. Hujakosea kujumlisha. Ila hiyo si namba ya mwaka, ni namba ya njia ya maisha, na hiyo utakwenda nayo mpaka kaburini. Ukitafuta namba ya mwaka unaacha mwaka uliozaliwa, unaweka mwaka tulio nao. 14 ni 5. Agosti ni 8. 2026 ni 10, yaani 1. Sasa 5 + 8 + 1 = 14, na 14 inarudi 5.

Wewe mwaka huu ni 5, binti yangu, na tano haikai kitako. Ni namba ya safari, ya watu wapya, ya mambo kubadilika ukiwa hujamaliza kuyazoea. Mwaka jana ulikuwa 4 (5 + 8 + 9 = 22, na 22 ni 4): jasho, kujenga msingi, kumaliza ripoti ya mafunzo kwa vitendo huku msimamizi akiirudisha kila Ijumaa. Ulivyoniandikia habari za mwaka jana, sikuhitaji hata kupiga hesabu.

Utasikia wengine wakisema mwaka wa mtu huanza siku yake ya kuzaliwa, si Januari. Ukifuata wao, wewe bado uko kwenye 4 mpaka tarehe 13 Agosti. Mimi nahesabu kwa Januari, lakini siwadharau. Kwako nachukua onyo lao hivi: hadi Agosti soma kila ukurasa kabla ya kutia saini.

Sasa kazi zenyewe. Morogoro, mhasibu msaidizi wa saccos, 650,000 kabla ya makato, majaribio ya miezi sita kuanzia tarehe 16 Machi, kisha ajira ya kudumu. Mwanza, mkaguzi wa hesabu za maghala ya kampuni ya mazao, 950,000, mkataba wa miezi 12, wiki mbili kila mwezi uko barabarani Sengerema, Geita, Bunda. Wanataka jibu Ijumaa tarehe 6 Machi.

Kabla ya namba zangu, tupige za dunia. Asilimia 10 inakwenda NSSF. Wewe ni mnufaika wa Bodi ya Mikopo, wanakata asilimia 15. Kabla hata kodi ya mshahara haijaguswa, 650,000 imeshakuwa 487,500, na 950,000 imekuwa 712,500. Tofauti uliyoiona ya laki tatu imeshuka hadi 225,000. Hujaniambia chumba Mwanza utapanga kwa kiasi gani, wala nani atalipia malazi ukilala Geita. Morogoro umesema utakaa kwa shangazi bure. Mtaalamu wa namba anayeyaruka haya akakimbilia nyota huyo anakula pesa yako tu.

Umeniomba pia nizipige namba za majina ya waajiri wote wawili. Sitafanya. Kampuni hubadili jina siku ikipata mbia mpya, na bosi ni yuleyule. Tena umeniuliza kama nitatumia abjadi, kama babu yako alivyofanya. Babu yako alikuwa akichukua jina la mtu na la mama yake, alif moja, be mbili, jim tatu, dal nne, anajumlisha, anatoa kumi na mbili kumi na mbili, baki ndiyo nyota. Hiyo ni elimu nyingine, ina wenyewe na masharti yake. Hizi za mwaka zimepangwa hivi Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, ingawa watu hupenda kumsingizia Pythagoras. Mama yako anayesema ni ramli usigombane naye. Mwambie babu mmoja wa Tanga, mwalimu wa hisabati mstaafu, amekushauri.

Tano naijua kwa kuumwa nayo. Mimi ni wa 9 Machi, na 1982 ulikuwa mwaka wangu wa tano. Niliacha chaki nikaenda kuwa karani wa lori la mzigo kati ya hapa na Lushoto, kwa sababu dereva alikuwa na maneno matamu na mimi nilikuwa na miaka 25. Mkataba haukuandikwa. Miezi minne nililala juu ya magunia, na tairi lilipopasuka pale Mombo hapakuwa na la akiba wala duka lenye tairi nchi nzima. Tulikaa siku kumi na moja tukila mahindi ya kuchoma. Nilirudi darasani mwaka huohuo. Hesabu ya tano hiyo niliipiga miaka mingi baadaye, na nakiri, hesabu ya jambo lililokwisha kupita haikosei kamwe.

Kwa hiyo ukiniuliza, nasema Mwanza. Njia ya 7 kama yako ina hatari ya kujifungia na vitabu vya hesabu mpaka nywele ziwe nyeupe, na mwaka wa 5 ndio unaoitoa nje. Lakini Mwanza ya maandishi. Ukijumlisha 5 ya mwaka na 2 ya Februari, Februari kwako ni mwezi wa 7, wa kujisemea peke yako usiku. Machi ni 8, mwezi wa fedha na mikataba. Subiri uingie, na tarehe 2, Jumatatu, waandikie uwaombe waweke kwenye mkataba mambo matatu: nauli na malazi ya safari yanalipwa na nani na lini, bima ya afya inaanza siku gani, na mkataba ukiisha Machi 2027 watakujulisha siku ngapi kabla. Hilo la tatu usiliachie. 2027 kwako ni 6, mwaka wa nyumbani, na mdogo wako wakati huo atakuwa anakuangalia wewe kwa ada.

Wakikujibu kwa mdomo tu, "usijali dada, hayo tutayaweka sawa ukifika," nenda Morogoro. Tano utaitumia hukohuko, omba wakupeleke matawini.

Kuna jambo moja limenikera tangu asubuhi. Umeandika ulizaliwa "usiku wa kuamkia tarehe 14." Cheti kinasema 14, nami nimefuata cheti. Muulize mama ilikuwa saa ngapi. Kama ni saa tisa usiku, yote niliyoandika yasimame. Kama ni saa nne, basi kwa kalenda hii ilikuwa bado tarehe 13, na 13 ni 4, na mwaka wako huu ni 4, si 5. Usiwaandikie Mwanza mpaka umenipigia. Baada ya tarawehe nakuwa macho.

Wako,
Mwalimu Shaaban